Fomu ya Upasuaji: Mgonjwa Aelewe Nini Kabla ya Kutia Sahihi

"Mimi niliyetia sahihi hapa chini nimeelezwa na nimeelewa aina ya upasuaji nitakaofanyiwa, aina ya dawa ya usingizi, madhara yote yanayoweza kutokea pamoja na njia mbadala, na ninaridhia kwa hiari yangu."

Sentensi ya namna hii utaikuta katika fomu nyingi za ridhaa ya upasuaji. Kiswahili chake kimenyooka na mhariri hawezi kukuta kosa la sarufi. Lakini isome tena taratibu, ujiulize imemwambia mgonjwa nini. Haijataja dhara hata moja, wala njia nyingine yoyote ambayo angeweza kuichagua. Inachofanya ni kumtaka mgonjwa athibitishe kwamba ameelezwa na mtu fulani, wakati fulani, kwa maneno ambayo hayamo kwenye karatasi anayoitia sahihi.

Sheria inadai zaidi ya hapo. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, na faida, hatari, gharama na matokeo ya kila njia. Inamtaka pia atumie lugha ambayo mgonjwa anaielewa, tena kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Kwa hiyo anayetafsiri fomu hana kazi ya kuhamisha sentensi kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili tu. Ana kazi ya kuhakikisha kwamba mtu wa kawaida akimaliza kusoma, anaweza kusema kwa maneno yake mwenyewe kitakachomtokea, kinachoweza kuharibika, na angeweza kufanya nini kingine.

Kuona kazi hiyo inavyofanyika, tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho.

Mgonjwa na ugonjwa wake

Mgonjwa wetu ni mkulima wa miaka 58. Alimaliza darasa la saba na anasoma gazeti bila shida. Kwa miaka miwili amekuwa na uvimbe kinenani upande wa kulia. Unatokeza akinyanyua gunia au akikohoa, na akilala chali unarudi ndani. Siku hizi unamuuma akifanya kazi nzito. Daktari wa hospitali ya wilaya amempima, amemwambia ni ngiri ya kinena, na amempangia upasuaji kwa ganzi ya mgongoni. Si dharura, kwa hiyo kuna muda wa kuzungumza.

Fomu aliyopewa imeandikwa: "Upasuaji wa kurekebisha henia ya ingwino ya kulia kwa meshi." Daktari anaielewa vizuri, mkulima haielewi. Na hata ukiandika "ngiri" pekee, bado hujafika, kwa sababu mitaani neno hilo limebeba mizigo mingi. Wapo wanaoita ngiri kila uvimbe wa sehemu za siri, wakiwemo wenye busha, ambalo ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani na upasuaji wake ni mwingine kabisa. Wauza dawa wa barabarani nao wameinasibisha ngiri na upungufu wa nguvu za kiume. Mtu anaweza kutia sahihi akiamini anakwenda kutibiwa ugonjwa ambao hana.

Kwa hiyo fomu ieleze jambo lenyewe:

"Una ngiri ya kinena upande wa kulia. Ukuta wa tumbo lako umelegea mahali pamoja, na mafuta ya ndani au utumbo vinasukumwa kutokea hapo, kama mpira wa ndani wa baiskeli unavyochomoza tairi linapopasuka. Daktari atapasua ngozi ya kinena, atarudisha ndani kilichotoka, kisha ataziba tundu kwa kushonea wavu mwembamba wa plastiki. Wavu huo hautolewi. Utabaki mwilini mwako maisha yako yote. Huu si upasuaji wa busha, na lengo lake si kutibu nguvu za kiume."

Kabla ya kuandika kwamba kuna wavu, mtafsiri lazima amuulize daktari wa upasuaji swali moja: hapa mnaweka wavu kweli, au mnashona nyama kwa nyuzi tu? Hospitali nyingi za wilaya hushona kwa nyuzi kwa sababu wavu wa kiwandani ni ghali. Ukitafsiri fomu iliyotoka nchi nyingine neno kwa neno, utamwahidi mgonjwa kitu ambacho hospitali haina. Na kama upo, mgonjwa ataka kujua ni wavu gani. Swali hilo halipaswi kuchekwa. Mashariki mwa Uganda watafiti waliwagawa wanaume 302 wenye ngiri ya kinena katika makundi mawili. Kundi moja liliwekewa wavu wa kiwandani, la pili likawekewa kitambaa cha aina ya chandarua kilichotakaswa kwa ajili ya upasuaji. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016, na baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo. Wavu wa bei nafuu ulifanya kazi, lakini mgonjwa ana haki ya kuambiwa ni upi anaowekewa.

Atalala au atakuwa macho?

Sehemu ya pili ya fomu ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Katika fomu nyingi, kila kitu kinachozuia maumivu wakati wa upasuaji kimeitwa "dawa ya usingizi". Mkulima wetu akisoma maneno hayo anaelewa kwamba atalala na akiamka kazi itakuwa imekwisha. Lakini yeye amepangiwa ganzi ya mgongoni, na atakuwa macho muda wote. Hebu fikiria hofu ya mtu anayengoja usingizi usiokuja, huku akisikia vyuma vikigongana na daktari akiomba kisu. Wengine hupiga kelele wakidhani dawa imeshindwa kufanya kazi.

Watu wetu wana maneno mawili yanayotosha kutenganisha mambo haya. Nusu kaputi ni kulazwa usingizi mzito kabisa, usijue lolote. Ganzi ni kuua maumivu ya sehemu fulani ya mwili huku ukiwa macho. Ganzi nayo ipo ya pale pale panapopasuliwa na ipo ya mgongoni. Fomu itumie maneno hayo, kisha ieleze hatua kwa hatua:

"Utakaa kitandani ukiwa umeinama mbele. Mtaalamu wa ganzi na usingizi atakuchoma sindano nyembamba sana sehemu ya chini ya mgongo, chini ya mahali uti wa mgongo wenyewe unapoishia. Baada ya dakika chache miguu itapata joto, itakuwa mizito, halafu hutaweza kuisogeza. Hivyo ndivyo dawa inavyofanya kazi. Nguvu za miguu hurudi baada ya saa chache. Wakati wa upasuaji utakuwa macho. Utasikia sauti za watu na unaweza kuhisi unasukumwa au kuvutwa, lakini hutakiwi kupata maumivu. Ukipata maumivu, sema papo hapo. Mara chache ganzi haishiki vizuri. Ikitokea hivyo, tutakulaza kwa nusu kaputi."

Angalia kitenzi "kusikia". Kwa Kiswahili mtu husikia sauti, na pia husikia maumivu, husikia njaa, husikia baridi. Rasimu ikisema "utakuwa macho na utasikia", wapo watakaoelewa kwamba watapasuliwa wakiwa wanasikia maumivu, na watakimbia. Ndiyo maana hapo juu imeandikwa "utasikia sauti za watu". Vivyo hivyo neno "kupooza". Kwa wengi kupooza ni kiharusi, ugonjwa uliomlaza jirani kitandani hadi leo. Ukiandika kwamba miguu "itapooza kwa muda", neno "kwa muda" halitasomwa. Andika kwamba hutaweza kuisogeza, na useme itarudi lini.

Kanuni ya kutokula kabla ya upasuaji imo katika sehemu hii hii, nayo huharibika kwa urahisi. Fomu husema "usile chakula". Mkulima anatii, lakini saa kumi na mbili asubuhi anakunywa kikombe cha uji au chai ya maziwa, kwa kuwa kwake chakula ni ugali au wali. Uji na maziwa hukaa tumboni kama chakula. Mtu akilazwa usingizi tumbo likiwa nazo, zinaweza kupanda kooni na kuingia kwenye mapafu, jambo linaloweza kuua. Mwongozo wa kawaida kwa mtu mzima ni saa 6 bila chakula na saa 2 bila maji matupu. Fomu itaje vitu kwa majina: ugali, uji, maziwa, chai ya maziwa, supu. Halafu itaje saa yenyewe: "Mwisho wa kula ni saa nane usiku, mwisho wa kunywa maji matupu ni saa kumi na mbili asubuhi," kama upasuaji umepangwa saa mbili. Na ieleze sababu, kwa maana anayejua sababu ndiye atakayesema ukweli akiulizwa kama alikunywa kitu.

Hatari, na hesabu zake

Fomu nyingi zikiorodhesha hatari huanza na kifo, kisha kutokwa damu, kisha maambukizi, zikaishia hapo. Orodha hiyo inamlinda daktari kuliko inavyomsaidia mgonjwa. Katika upasuaji wa ngiri ya kinena, jambo ambalo mkulima angelitaka kulijua zaidi ni maumivu yasiyokwisha. Takriban mtu 1 kati ya 10 huendelea kupata maumivu ya kinena kwa zaidi ya miezi mitatu. Kwa wengi ni maumivu madogo yanayopungua taratibu, lakini wapo wachache ambao yanawazuia kufanya kazi. Kwa mtu anayeishi kwa kubeba magunia, habari hiyo ina uzito kuliko chunusi ya kidonda itakayokauka kwa wiki moja, na mara nyingi ndiyo inayokosekana.

Mpango unaofaa ni kugawa hatari katika mafungu mawili: mambo yanayotokea mara kwa mara lakini hupita, na mambo yanayotokea kwa nadra lakini ni makubwa. Kila jambo lijibu maswali matatu: utaona nini, hutokea kwa wangapi, na ufanye nini.

Chukua kichwa kuuma baada ya ganzi ya mgongoni. Asili ya fomu inasema "maumivu ya kichwa", na mgonjwa anafikiria kichwa cha kawaida kinachotulizwa na panadoli. Tafsiri inayoeleweka inasema hivi: "Kwa chini ya mtu 1 kati ya 100, kichwa huanza kuuma sana siku moja au mbili baada ya sindano. Dalili yake ni kwamba kinauma zaidi ukikaa au kusimama, na kinapoa ukilala. Kikikupata ukiwa nyumbani, rudi hospitali. Kina matibabu yake." Mgonjwa aliyesoma hivyo ataitambua hali hiyo hata akiwa shambani.

Kuna pia hofu ambayo karibu kila mtu anayo na wachache wanaithubutu kuisema: kwamba sindano ya mgongo inaharibu mgongo. Fomu isiikwepe. Mwaka 2009 wataalamu wa usingizi wa Uingereza walichapisha uchunguzi wa taifa zima uliohusu sindano za mgongoni za aina zote, zaidi ya laki saba kwa mwaka. Madhara ya kudumu yalikadiriwa kuwa kati ya mtu 1 kwa watu 24,000 na mtu 1 kwa watu 50,000. Kwa mgonjwa inatosha kuandika: "Kuumia kwa mishipa ya fahamu kusikopona hutokea kwa nadra sana, katika uchunguzi mkubwa uliofanyika Uingereza, kulitokea kwa chini ya mtu 1 kati ya 20,000."

Zingatia jinsi hesabu hizi zilivyoandikwa. "Nadra" peke yake haitoshi. Daktari akisema nadra anaweza kuwa anafikiria mtu mmoja kati ya elfu kumi, na mgonjwa akafikiria mmoja kati ya ishirini. Asilimia nazo huwapotea wengi, hasa zenye nukta. Namna inayoeleweka ni kuhesabu watu, na kuwataja wa pande zote mbili: "Kati ya watu 100, karibu 10 huendelea kuumwa kwa zaidi ya miezi mitatu, 90 hawaumwi." Kusema upande mmoja tu ni kumsukuma mtu, ama kwa kumtisha ama kwa kumtuliza.

Halafu kuna neno "maambukizi". Baada ya miaka mingi ya matangazo ya Ukimwi, wapo wanaolisoma kama maambukizi ya VVU, na wataogopa kwamba wanaambiwa vyombo vya hospitali havikutakaswa. Andika kidonda kuingia vijidudu, kisha eleza dalili. Fomu zilizotoka Ulaya husema ngozi itakuwa nyekundu, lakini juu ya ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri na mgonjwa atakaa akiungoja. Dalili za kuandika ni kidonda kupata joto, kuvimba, kuuma zaidi kila siku badala ya kupungua, kutoa usaha, na homa.

Swali gumu zaidi katika sehemu hii ni takwimu za nani zitumike. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa hospitali 247 katika nchi 25 za Afrika, uliofuatilia wagonjwa 11,422 waliopasuliwa. Karibu mmoja kati ya watano alipata tatizo baada ya upasuaji, na watu 2 kati ya 100 walifariki, kiwango ambacho ni mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa hao walikuwa na umri mdogo zaidi. Vifo vingi vilitokea siku za baadaye, wakiwa wodini. Kwa hiyo kunakili takwimu za London na kuzibandika kwenye fomu ya hospitali ya wilaya ni kumpa mgonjwa picha isiyo yake. Lakini kumtishia mkulima wetu kwa takwimu hizo za Afrika nako si haki, kwa sababu zaidi ya nusu ya upasuaji katika utafiti huo ulikuwa wa dharura, na wake umepangwa. Takwimu inayomfaa zaidi imo ndani ya hospitali yenyewe, katika rejesta ya chumba cha upasuaji: mwaka jana walipasuliwa ngiri wangapi, wangapi walirudi na kidonda kilichooza, ngapi zilirudi tena. Pale ambapo rejesta haitoi jibu, fomu itaje wazi kwamba hesabu imetoka nchi fulani.

Angeweza kuchagua nini kingine?

"Njia mbadala" ni maneno sahihi kwenye kamusi. Tatizo ni kwamba masikio ya watu yamezoea "tiba mbadala", yaani miti shamba, vikombe na mafuta ya kuchua. Mgonjwa akisoma kwamba ameelezwa njia mbadala, anaweza kuelewa kwamba anaulizwa kama alishakwenda kwa mganga, na atajibu hapana haraka haraka. Kichwa cha habari kinachofaa ni "Mambo mengine unayoweza kuchagua badala ya upasuaji huu".

Chini yake, jambo la kwanza ni kusubiri. Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya utafiti wa Amerika ya Kaskazini uliohusu wanaume 720 ambao ngiri zao hazikuwa zikiwasumbua sana. Nusu yao walipasuliwa, nusu wakasubiri huku wakifuatiliwa. Miongoni mwa waliosubiri, walionaswa utumbo ghafla walikuwa chini ya 2 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Kusubiri kulionekana ni uamuzi salama. Lakini baada ya miaka kumi karibu theluthi mbili yao walikuwa wameshaomba upasuaji, hasa kwa sababu ya maumivu.

Je, habari hiyo inamfaa mkulima wetu? Kwa sehemu tu. Kwanza, ngiri yake tayari inamuuma akifanya kazi, na waliochunguzwa hawakuwa hivyo. Pili, wale walikuwa wakinaswa wanafika hospitali upesi. Ngiri ikinasa, damu haifiki kwenye utumbo, na ndani ya saa chache utumbo unaanza kufa. Anayeishi mbali na barabara, na masika mto ukifunga njia, kusubiri kwake hakufanani na kusubiri kwa mtu anayeishi karibu na hospitali yenye daktari wa upasuaji usiku na mchana. Hapo ndipo tafsiri inapogeuka kuwa mazungumzo, na fomu iyachochee:

"Unaweza kusubiri. Ngiri haitapona yenyewe, na kwa kawaida huongezeka polepole. Watu wengi wanaosubiri hawapati hatari ya ghafla, lakini wengi hurudi baadaye kupasuliwa kwa sababu ya maumivu. Ukisubiri, zijue dalili za ngiri kunasa: uvimbe unakuwa mgumu, unauma sana, haurudi ndani hata ukilala, unatapika, na hupati choo wala hewa haitoki. Ukiziona, njoo hospitali saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi. Je, kutoka kwako hadi hospitali ni saa ngapi wakati wa mvua? _______"

Mstari ule mtupu una kazi. Jibu lake litamwambia mgonjwa na daktari kama kusubiri ni chaguo la kweli.

Jambo la pili ni aina nyingine za kuzuia maumivu. Ngiri ya kinena inaweza kupasuliwa kwa ganzi ya pale pale kinenani. Wale wa Uganda walipasuliwa hivyo. Inaweza kupasuliwa pia kwa nusu kaputi, ambayo ina mambo yake: koo kukwaruza, kichefuchefu, na kwa nadra jino kuvunjika. Jambo la tatu ni upasuaji wa matundu madogo kwa kamera. Kama haupo katika hospitali hiyo, fomu isiufiche. Iseme haupo hapa, na itaje aina ya hospitali ambako unapatikana, ili mwenye uwezo wa kusafiri aamue. Jambo la mwisho ni mkanda wa kubana na dawa za kienyeji. Mkanda unaweza kuuzuia uvimbe usitokeze, lakini hauzibi tundu. Hakuna dawa ya kunywa wala ya kupaka inayoliziba. Mgonjwa anastahili kuambiwa hilo bila kudharauliwa kwa kuuliza.

Na chini ya yote iandikwe kwamba anaweza kukataa, na akikataa ataendelea kutibiwa kama kawaida.

Tafsiri inapimwaje?

Njia iliyozoeleka ni kuirudisha tafsiri. Mtu mwingine, ambaye hajaiona fomu ya Kiingereza, anaitafsiri ile ya Kiswahili kurudi Kiingereza, kisha zinalinganishwa. Njia hii hunasa makosa ya wazi, kama mstari ulioachwa au "kulia" iliyogeuka "kushoto". Haiwezi kunasa makosa tuliyoyaona hapa. "Njia mbadala" itarudi Kiingereza vizuri kabisa, "maambukizi" yatarudi vizuri, na "dawa ya usingizi" nayo itapita. Mtafsiri wa pili ana elimu kama ya yule wa kwanza, kwa hiyo anaelewa kilichokusudiwa. Anayeshindwa kuelewa hakuulizwa.

Kwa hiyo rasimu ipelekwe kwa watu wanaofanana na wagonjwa: wa darasa la saba, wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee, na wachache ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili. Wasomewe kwa sauti, maana wagonjwa wengi husomewa. Kisha wasiulizwe "umeelewa?" Kwa heshima, na kwa kuogopa kumchelewesha daktari, kila mtu hujibu ndiyo. Waombwe kueleza.

Mazungumzo yenyewe huenda hivi. Muuguzi amemaliza kumsomea mzee fomu ya zamani.

"Baba, naomba nihakikishe kama nimekueleza vizuri. Mama akikuuliza leo nyumbani kesho utafanywa nini, utamjibuje?"

"Nitamwambia nalazwa usingizi, naamka ngiri imetolewa."

"Na akikuuliza kama kuna shida yoyote inaweza kutokea?"

"Nitamwambia nimetia sahihi, daktari anajua."

Mzee hakukosea, amerudia kile ambacho karatasi ilimwambia. Muuguzi anachukua fomu mpya, anamsomea sehemu ya ganzi, anamwomba tena aeleze.

"Kumbe nitakuwa macho? Sasa nikiona damu je?"

"Kutakuwa na pazia mbele ya kifua chako, baba. Hutaona."

"Na hayo maumivu ya mtu mmoja kati ya kumi, yanaweza kunizuia kulima?"

Sasa mzee ameuliza swali la mtu anayeelewa. Jibu lake ni la daktari, na linaweza kubadilisha uamuzi. Katika majaribio, kila mahali ambapo wasomaji kadhaa wanakwama panaandikwa upya, kisha panasomwa na watu wengine wapya. Muuguzi alivyoanza nako kuna maana: "kama nimekueleza vizuri" kunaweka mzigo kwa anayeeleza, wala mzee hajihisi yuko kwenye mtihani.

Muda nao ni sehemu ya kueleweka. Fomu isomwe angalau siku moja kabla, mgonjwa apewe nakala aende nayo nyumbani au wodini. Akiisoma akiwa tayari kwenye machela, hana nafasi ya kukataa. Orodha ya Usalama wa Upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2008, inataka mgonjwa athibitishe jina lake, mahali pa kupasuliwa, aina ya upasuaji na ridhaa yake kabla dawa haijaanza. Ukaguzi huo unategemea mtu anayejua anachokithibitisha.

Inabaki ile sentensi ya mwanzo, ya "nimeelezwa na nimeelewa". Badala yake, juu ya sahihi kuwe na mistari ya kujazwa kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Asiyeweza kuandika amwambie muuguzi aandike kama alivyosema:

"Nitakachofanyiwa ni: _______
Shida inayonipa wasiwasi zaidi ni: _______
Kitu kingine ambacho ningeweza kuchagua ni: _______
Nimeamua hivi kwa sababu: _______"

Mistari hiyo ikibaki mitupu, fomu haijakamilika hata kama ina sahihi, dole gumba na jina la shahidi. Daktari anayeikuta hivyo asubuhi ya upasuaji anajua la kufanya kabla ya kunawa mikono: arudi wodini akazungumze na mgonjwa.